Logo unayo tayari: jinsi ya kuipima na kutoa rangi, fonti na nafasi za biashara ndogo

Biashara ndogo nyingi zina logo na hazina kitu kingine. Logo ilichorwa siku ya kutengeneza bango la kwanza, na tangu hapo kila mchapaji ameijazia mapengo kwa namna yake: stika zina kijani cha majani, fulana zina kijani cha chupa, na katalogi ya WhatsApp imeandikwa kwa fonti yoyote iliyokuwa juu kwenye orodha ya Canva. Mwenye duka akiona mambo hayashikamani, humwita mtu wa grafiki amchoree logo mpya. Mara nyingi haihitajiki. Logo ya zamani huwa imeshaamua mambo mengi kuhusu rangi, unene wa herufi na umbali kati ya vitu, ila hakuna aliyeyapima na kuyaandika. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuyapima.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho: duka la viungo la Mombasa, linalouza pilau masala, bizari na iliki kwenye pakiti ndogo. Logo yake ina alama ya kikonyo cha karafuu cha kijani ndani ya duara la manjano. Kulia kwa alama kuna jina la duka kwa herufi nene za kijani zenye ncha za mviringo, na chini ya jina kuna kaulimbiu ya maneno matatu kwa herufi ndogo. Programu ninazotumia ni Inkscape na GIMP, zote za bure.

Kwanza, tafuta faili la kweli

Ukiomba logo, utatumiwa picha ya JPEG iliyopita kwenye vikundi vitano vya WhatsApp. Ipokee, lakini usianze nayo. Muulize mwenye duka nani alichapa bango la kwanza, kisha umpigie huyo mchapaji na umwombe faili lenye mwisho wa .cdr, .ai, .svg au .pdf. Wachapaji wengi huhifadhi kazi za wateja kwa miaka. PDF ya ankara au ya lebo ya zamani nayo inafaa: ifungue kwa Inkscape, ubofye logo, na kama mistari yake inashikika moja moja, umepata vekta. Vekta hupimika kwa usahihi na haichakai ukiikuza.

Ukikosa kabisa, tafuta picha kubwa kuliko zote na uichore upya juu yake kwa mkono ndani ya Inkscape. Amri ya Trace Bitmap, inayogeuza picha kuwa vekta yenyewe, inavutia kwa wepesi wake, lakini juu ya JPEG iliyobanwa huleta kingo zenye mawimbi, na ncha za mviringo za herufi hugeuka viazi. Logo ya duka dogo ina maumbo machache. Kuyachora upya ni kazi ya mchana mmoja, na hutairudia tena.

Pima kabla ya kuchagua chochote

Weka logo kwenye ukurasa mtupu, uipanue mpaka upana wake uwe pikseli 480, kisha uchukue vipimo vinne tu. Namba 480 haina siri yoyote, ni kwamba inagawanyika vizuri.

Cha kwanza ni kimo cha herufi ndogo ya jina, kama n au x, bila kuhesabu mkia wala shingo ya herufi. Kwenye mfano wetu ni 60. Cha pili ni unene wa mstari wa herufi: 15, yaani robo ya kimo. Cha tatu ni umbali kati ya alama na jina: 30, nusu ya kimo. Cha nne ni kimo cha herufi ndogo za kaulimbiu: 25.

Hiki kimo cha 60 tukiite X, kwa sababu kila kitu kitakachofuata kitahesabiwa kwa X. Kumbuka kwamba 60 ni moja ya nane ya 480. Kwa hiyo popote logo itakapowekwa, ukigawa upana wake kwa nane umepata X ya mahali hapo, bila kufungua programu yoyote.

Rangi: kuzinyonya na kuzifunga

Ukiwa na vekta, rangi zimo ndani yake na unazisoma moja kwa moja. Angalia tu kama faili liliandaliwa kwa CMYK, yaani kwa namba za wino nne za mtambo wa kuchapa, maana namba hizo zikigeuzwa kuwa za skrini, kila programu hutoa jibu lake. Ukiwa na JPEG, kazi ni ndefu kidogo. Ubanaji wa JPEG huchafua rangi pale zinapokutana, hivyo ukigusa karibu na ukingo wa duara utapata manjano yenye ukijani. Ikuze picha, nenda katikati ya eneo kubwa la rangi moja, na kwenye kifaa cha Color Picker cha GIMP washa Sample average. Gusa sehemu kadhaa. Namba hazitafanana sawasawa, nawe utachagua moja iliyo katikati.

Ugumu mkubwa zaidi huwa wa kibiashara. Bango lina manjano moja, stika zina nyingine, na mwenye duka anaapa kwamba ya kweli ni ile ya kadi zilizokwisha zamani. Ushauri wangu ni kufuata kitu ambacho ni ghali zaidi kukibadilisha. Kama ukuta wa duka umepakwa rangi na gari la kusambaza limebandikwa vinyl, rangi hizo ndizo wateja wanazozijua, na lebo za karatasi zitazifuata.

Tuseme tumefunga manjano kwenye `#F2A900` na kijani kwenye `#1F5C3A`. Rangi mbili hazitoshi kuandikia katalogi: unahitaji rangi ya maandishi, rangi ya mandhari na rangi ya mistari myepesi. Hapa wengi huenda mtandaoni kuokota paleti ya kupendeza, na ndipo biashara inapoanza kufanana na nyingine. Zitoe kwenye rangi ulizonazo.

Fungua kijani chako kwenye dirisha la rangi lenye vitelezi vya HSL. H ni rangi yenyewe kama nafasi kwenye duara la nyuzi 360, S ni ukolezi, na L ni mwanga. Kijani chetu kinasoma H 147, S 50, L 24. Acha H palepale, teremsha mwanga hadi 11 na ukolezi hadi 36: umepata `#12261B`, karibu nyeusi ila ina damu ya kijani. Huo ndio wino wa maandishi. Rudi tena kwenye H 147, panda hadi mwanga 85 na ukolezi 12: umepata `#D5DED9`, kijivu cha mistari ya jedwali na mipaka. Kisha nenda kwenye manjano, ambayo H yake ni 42. Panda hadi mwanga 95 na ukolezi 68, upate krimu `#FBF6EA` ya mandhari. Rangi tatu mpya, na hakuna hata moja iliyotoka nje ya logo.

Jaribu kila jozi kabla ya kuitumia

Rangi inayopendeza kwenye duara inaweza kuwa haisomeki kwenye maandishi, na jicho la aliyeichagua ni shahidi mbaya. Kuna kipimo. Mwongozo wa WCAG, unaotumika duniani kote kwa kurasa za mtandao, hulinganisha mwangaza wa rangi mbili kwa hesabu hii, ambapo L1 ni mwangaza wa rangi iliyo angavu zaidi na L2 ni wa ile nyingine:

```
(L1 + 0.05) / (L2 + 0.05)
```

Huna haja ya kuikokotoa kwa mkono. WebAIM Contrast Checker inafanya hivyo ukiipa misimbo miwili. Unachohitaji kukumbuka ni mipaka: maandishi ya kawaida yanataka angalau 4.5, na maandishi makubwa au alama zinataka angalau 3.

Sasa tuupime mfano wetu. Wino juu ya krimu unatoa 14.8, salama kabisa. Kijani juu ya krimu kinatoa 7.3, kwa hiyo kinafaa kwa vichwa vya habari na hata kwa aya. Herufi nyeupe juu ya kijani zinatoa 7.9, nzuri kwa vitufe na vibandiko vya bei. Kisha tunafika kwenye manjano. Herufi nyeupe juu yake zinatoa 2.0 tu. Manjano juu ya krimu ni 1.9. Hata kijani cha logo juu ya manjano, jozi ambayo mwenye duka anaipenda kuliko zote, kinatoa 3.9: kinatosha kwa kikonyo cha karafuu ndani ya duara na kwa neno kubwa la bango, lakini hakitoshi kwa orodha ya bei. Ukitaka kuandika maandishi madogo juu ya manjano, tumia wino, unaotoa 7.9.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza nitakayoiandika kwa duka hili ni kwamba manjano haiandiki. Ni rangi ya kujaza: duara, ukanda, kona ya lebo, mandhari ya ofa. Wafanyabiashara hulalamika hapa, kwa sababu manjano ndiyo wanayoiona kama sura yao. Mwoneshe simu yake mwenyewe juani, mwanga ukiwa umeshushwa, ikiwa na bei nyeupe juu ya manjano. Mjadala huisha.

Kwa kiasi, mimi huanza na krimu na nyeupe kama robo tatu ya uso, kijani na wino zikigawana sehemu kubwa ya kilichobaki, na manjano sehemu moja kwa kila uso. Kama pakiti ina duara la manjano, basi isiwe na ukanda wa manjano pia. Na kama utahitaji nyekundu ya kuonyesha bidhaa iliyokwisha, `#B3261E` juu ya krimu inatoa 6.1. Andika pia neno "Imeisha", kwa sababu wapo watu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani.

Rangi zikifika kwa mchapaji

Skrini huchanganya mwanga, mtambo wa kuchapa huchanganya wino, na kijani ndicho hupata shida. Kwa manjano yetu, mwambie mchapaji aanze na C0 M35 Y100 K0. Kwa kijani, aanze na C85 M40 Y90 K40. Neno ni "aanze": mtambo, karatasi na wino wa kila mmoja vina tabia yake, hivyo dai chapa ya majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika, uiangalie mchana nje ya duka. Ukishaikubali, andika namba zilizotumika na uhifadhi kile kipande. Safari ijayo, hata kwa mchapaji mwingine, unampelekea kipande hicho akilinganishe.

Maandishi madogo ya kuchapa yawe K100 peke yake, yaani wino mweusi mtupu. Wino wetu wa skrini ukigeuzwa CMYK utakuwa mchanganyiko wa wino nne, na karatasi ikicheza kidogo mtamboni, kila herufi ya pointi 7 hupata kivuli cha rangi pembeni.

Kuna suala la kaki pia. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019, mifuko ya karatasi ya kaki imekuwa jambo la kawaida madukani. Wino wa kuchapa hupitisha mwanga, kwa hiyo rangi ya karatasi huchanganyika nao: manjano juu ya kaki hugeuka kahawia hafifu, na duara letu linatoweka. Kuna mitambo inayoweza kutandika nyeupe chini kwanza, kwa gharama ya ziada. Kanuni ya bei nafuu ni kwamba juu ya kaki logo inachapwa kwa rangi moja tu, wino au nyeusi, na duara linabaki mchoro wa mstari usiojazwa.

Fonti: tafuta ndugu, usitafute pacha

Herufi za logo mara nyingi zimechorwa au kurekebishwa, hivyo kuitafuta fonti yenyewe kunaweza kula siku nzima bure. Tafuta tabia zake. Kwenye mfano wetu ncha ni za mviringo, herufi o inakaribia duara, unene ni uleule mstari mzima, na a ina kichwa kilichopinda juu, si duara lenye kijiti. Unene ni robo ya kimo, kwa hiyo ni fonti nene.

Nenda Google Fonts ukiwa na tabia hizo na uandike jina la duka kwenye kisanduku cha majaribio. Kwa duka hili nachagua Nunito, iliyochorwa na Vernon Adams, ambayo ina ncha za mviringo na a ya aina hiyo. Hiyo itabeba vichwa kwa uzito wa 800. Kwa aya, ncha za mviringo zikirudiwa mistari kumi huchosha na huonekana za kitoto, ndiyo maana nachagua Nunito Sans, nduguye mwenye mifupa ileile lakini ncha zilizokatwa. Zote mbili zinatolewa kwa leseni ya SIL Open Font License, inayoruhusu matumizi ya kibiashara bila malipo. Hilo si dogo: ukimpa mchapaji fonti ya kulipiwa asiyokuwa nayo, ataweka nyingine bila kukuambia.

Jina la duka lenyewe usiliandike kwa Nunito karibu na logo. Zinafanana kiasi cha mteja kuona kama logo iliyoharibika. Jina ndani ya logo libaki mchoro, na kwenye sentensi liandikwe kwa fonti ya aya kama neno lingine lolote.

Kabla ya kuamua, jaribu fonti kwa maneno utakayoyaandika kweli. Sampuli za fonti huandikwa kwa Kiingereza, chenye maneno mafupi. Kiswahili huleta "zilizokaushwa" na "tunakusafirishia", na kwenye safu nyembamba ya simu neno moja linaweza kula mstari. Andika "ng'ombe" na uone kama alama ya ng' imekaa vizuri au imeacha pengo kubwa katikati ya neno. Andika 0 pembeni ya O, na 1 pembeni ya l. Mwisho, andika bei mbili, moja juu ya nyingine: Sh 1,111 na Sh 8,888. Kama ya juu ni fupi kuliko ya chini, safu ya bei itayumba. Fonti nyingi zina tarakimu za upana sawa zilizofichwa, ambazo kwenye tovuti huwashwa kwa `font-variant-numeric: tabular-nums`. Kama fonti yako haina, panga bei kwa ukingo wa kulia.

Saizi nazo zitoke kwenye logo. Jina lina kimo cha 60 na kaulimbiu 25, yaani jina ni mara 2.4 ya kaulimbiu. Ukizidisha 1.25 kwa yenyewe mara nne unapata 2.44, karibu kabisa. Basi ngazi yetu ya saizi itapanda kwa 1.25. Kwenye skrini tunaanza na 16 kwa aya, kisha 20, 25, 31 na 39. Kwenye lebo tunaanza na pointi 8, kisha 10, 12.5, 15.5 na 19.5. Tofauti kati ya aya na kichwa kikubwa itakuwa ileile iliyomo kwenye logo. Logo nyingine zitakupa uwiano wa ajabu, labda jina ni mara sita ya kaulimbiu. Usiulazimishe, tumia 1.25 na uendelee.

Urefu wa mstari kwa aya uwe 1.5 ya saizi, na kwa vichwa 1.2. Uzito ni wa aina mbili tu, 400 na 800.

Nafasi: X inafanya kazi yote

Hapa ndipo kazi nyingi za biashara ndogo huanguka, na hakuna anayejua kwa nini. Rangi ni sahihi, fonti ni sahihi, lakini kila kitu kimesogezwa kwa jicho, na lebo kumi zina pambizo kumi.

Logo yetu imeshatupa sheria: vitu viwili vinavyohusiana, alama na jina, vimeachana kwa nusu X. Tukiendelea kwa kuzidisha mara mbili, tunapata ngazi ya nusu X, X moja, X mbili na X nne. Nusu X ni kati ya vitu vya jamii moja, kwa mfano jina la bidhaa na uzito wake. X moja ni pambizo, na pia umbali kati ya kikundi kimoja na kingine. X mbili hutenganisha sehemu kubwa. X nne ni ya ukurasa mpana wa tovuti tu. Hakuna umbali mwingine unaoruhusiwa. Kwenye skrini tunaweka X kuwa 16, sawa na saizi ya aya, hivyo ngazi inakuwa 8, 16, 32 na 64.

Kuizunguka logo pande zote kunaachwa X moja tupu. Hapo pasiingie namba ya simu wala ukingo wa picha.

Ukubwa wa chini kabisa wa logo nao unahesabika, na kinachoamua ni kaulimbiu kwa sababu ndiyo hufa kwanza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya lebo za vyakula, Na. 1169/2011, inataka herufi x ya maelezo ya lazima isiwe chini ya milimita 1.2, ila pakiti ndogo sana zinaruhusiwa 0.9. Kaulimbiu si maelezo ya lazima, lakini 1.2 ni kipimo kizuri cha kusomeka, na anayetaka kuuza viungo Ulaya ataihitaji hata hivyo. Kimo cha kaulimbiu ni 25 kwenye upana wa 480. Ili 25 hiyo iwe milimita 1.2, logo yote lazima iwe na upana wa milimita 23. Tunaandika 24. Chini ya hapo kaulimbiu inaondolewa. Kwenye skrini, nikitaka herufi hizo ziwe na kimo cha pikseli 7, napata upana wa takribani 135, kwa hiyo tunaandika 140.

Kwa anayetengeneza tovuti, kanuni zote zinaingia kwenye mistari michache:

```css
:root {
  --kijani: #1F5C3A;
  --manjano: #F2A900;
  --wino: #12261B;
  --krimu: #FBF6EA;
  --mstari: #D5DED9;
  --x: 16px;
}
body {
  font: 400 16px/1.5 "Nunito Sans", sans-serif;
  color: var(--wino);
  background: var(--krimu);
}
h1 { font: 800 39px/1.2 "Nunito", sans-serif; }
.kadi { padding: var(--x); margin-bottom: calc(var(--x) * 2); }
```

Lebo moja, kutoka mwanzo hadi mwisho

Tuchukue lebo ya bizari ya milimita 60 kwa 80. Logo naipa upana wa 32, kwa hiyo X ni 4. Mandhari ni krimu, nayo inapita ukingo wa lebo kwa milimita 3 kila upande, ili kisu kikikosea kidogo pasibaki mstari mweupe.

Pambizo ni X moja, milimita 4. Logo inakaa juu kushoto ndani ya pambizo hiyo, na kaulimbiu inabaki kwa kuwa 32 ni zaidi ya 24. Chini ya logo naacha X mbili, milimita 8, kisha jina "Bizari" kwa Nunito 800, pointi 19.5, la kijani. Nusu X chini yake, milimita 2, unakuja uzito "Gramu 100" kwa pointi 10. Maelezo ya viambato, tarehe na mahali pa kutengenezwa yanapangwa chini kabisa, kwa Nunito Sans pointi 8, K100, yakianzia ukingo uleule wa kushoto. Kwenye fonti hii herufi x hufikia karibu nusu ya saizi, hivyo pointi 8 inatoa kimo cha milimita 1.3 hivi. Pointi 7 ingetuacha ukingoni mwa 1.2, kwa hiyo siiruhusu.

Manjano je? Imo kwenye duara la logo, na inatosha. Kishawishi cha kuongeza ukanda wa manjano chini kitakuja, hasa eneo la katikati likionekana tupu. Utupu huo ndio unaofanya neno "Bizari" lisomeke kutoka upande wa pili wa kaunta. Lebo ya iliki inanakili hii hadi kwenye milimita, na kinachobadilika ni maneno. Mahali pa tarehe paache patupu kabisa ikiwa tarehe itagongwa muhuri: pima muhuri wenyewe, halafu uache eneo lake pamoja na nusu X kila upande.

Mahali patatu ambapo kanuni hupasuka

Printa ya risiti ya karatasi ya milimita 58 huchapa nukta 384 kwa upana, nyeusi au hakuna, bila kijivu. Ukiipa logo ya rangi, itabadilisha manjano kuwa vumbi la nukta. Tengeneza toleo la nyeusi tupu lenye upana wa 384 kamili, duara likiwa mstari. Unene wa herufi ni 15 kwa 480, hivyo hapa utakuwa nukta 12, na zitatoka safi. Duara lipe unene huohuo.

Picha ya wasifu ya WhatsApp hukatwa duara. Logo nzima ya mlalo ikiingia humo inakuwa ukanda mwembamba usiosomeka. Tumia alama peke yake: jaza mraba wote manjano, weka kikonyo cha kijani katikati kikiwa na upana wa karibu nusu ya mraba. Duara la WhatsApp litakuwa ndilo duara la logo.

Tatu ni picha za bidhaa. Mtu hupiga picha ya pilau masala juu ya meza ya mbao na kubandika logo ya kijani juu yake, haionekani, kisha anaizungushia kivuli cheupe. Kanuni iwe moja: juu ya picha, logo hukaa ndani ya kisanduku cha krimu chenye X moja kila upande, kwenye kona ya chini kushoto. Kivuli kisitumike popote.

Andika yote haya kwenye ukurasa mmoja wa A4, si kijitabu. Juu weka logo na matoleo yake matatu: ya rangi, ya nyeusi, na alama peke yake. Katikati weka rangi tano na misimbo yake ya skrini, pamoja na namba za CMYK zilizokubaliwa, na chini ya kila rangi andika kazi yake, ikiwemo "manjano haiandiki". Chini weka ngazi mbili za saizi, X na ngazi yake, na ukubwa wa chini wa logo. Weka ukurasa huo kwenye folda moja ya Google Drive pamoja na faili za logo na fonti zenyewe. Mchapaji akiomba logo, atumiwe kiungo cha folda, na JPEG ya zamani ifutwe kwenye simu ya kila mfanyakazi.